Ukishika mchango wa zawadi kwenye simu yako

Kinachovuruga hesabu ya mchango mara nyingi ni jina. Mwenzenu anatuma elfu kumi kwa laini ya mumewe, meseji inakuja na jina la mume, na wiki ijayo anaonekana hajatoa. Kwa hiyo hela ikiingia tu, andika jina la mchangaji, jina lililo kwenye meseji, kiasi na namba ya muamala. Ukitoa pesa kwa wakala, makato nayo ni matumizi. Yaandike, usiyafidie kimyakimya. Ukishanunua, weka kwenye kundi picha ya risiti na hesabu fupi: zimeingia 200,000, jiko la gesi 170,000, usafiri 10,000, makato 3,500, zimebaki 16,500. Hiyo iliyobaki waulize wachangaji iende wapi, hata ikiwa ndogo.