Jinsi ya kuandika tangazo la kufunga duka sikukuu lenye ofa ya mwisho ndani yake

Nina duka la mapazia Dar es Salaam. Nauza yaliyokwisha kushonwa, na napokea oda za kushona kwa vipimo vya mteja. Kila Desemba nafunga, kwa sababu mafundi wangu wote wawili wanakwenda kwao na mimi naelekea Moshi kama wenzangu. Mwaka wa kwanza tangazo langu lilikuwa na mstari mmoja tu: "Tunafunga tarehe 23, ofa hadi usiku wa Jumatatu, karibuni wote." Mstari huo ulinipa wiki mbili za kugombana na watu kwenye simu. Hapa naeleza ninavyolipanga siku hizi, kwa tarehe za Desemba 2025, ambapo Krismasi ilikuwa Alhamisi.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe zako kabla ya kuandika neno lolote

Duka kama langu halina tarehe moja ya kufunga. Lina tarehe ya mwisho ya kupokea oda ya kushona, ya mwisho ya kupeleka mizigo ya mikoani stendi, ya mwisho ya ofa, ya mwisho ya kufungua mlango, halafu ile ya kurudi. Mteja anajali moja tu kati ya hizo, ile inayomhusu, na ukimpa nyingine atalaumu.

Anza na ile ya kurudi, kisha urudi nyuma. Mimi nilipanga kufungua Jumatatu tarehe 5 Januari 2026. Siku ya mwisho ya mlango kuwa wazi niliiweka Jumanne tarehe 23 Desemba, na siku hiyo niliitenga kwa watu wanaokuja kuchukua mapazia yao na kumalizia malipo. Hakuna kushona siku hiyo, kwa hiyo mafundi wanamaliza Jumatatu tarehe 22.

Sasa hesabu ya kushona. Fundi mmoja ananitolea jozi 4 kwa siku, wawili ni jozi 8. Kuanzia Jumatatu tarehe 15 hadi Jumatatu tarehe 22, ukitoa Jumapili, ni siku 7 za kazi, yaani jozi 56. Natoa siku moja nzima kwa ajili ya umeme kukatika au cherehani kugoma. Zinabaki jozi 48. Jumatano tarehe 10 nilihesabu oda zilizokuwa mkononi, zile ambazo zingeingia wiki hiyo ya mwisho, nikapata jozi 30. Maana yake nilikuwa na nafasi ya jozi 18 tu. Ndiyo maana kwenye tangazo niliandika yote mawili, tarehe na idadi: mwisho wa kupokea oda ni Jumamosi tarehe 13, au jozi 18 zikitimia kabla ya hapo. Ukiweka tarehe peke yake, siku ya mwisho watakuja watu thelathini na wote watakuwa na haki.

Mizigo ya mikoani niliikata mapema, Jumamosi tarehe 20. Wiki ya Krismasi buti za mabasi zinajaa mabegi ya abiria, na kifurushi chako kinaweza kulala ofisini kwa wakala hadi sikukuu ipite. Mteja wa Mwanza anayetaka mapazia yaning'inie tarehe 25 hapokei maelezo hayo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ofa kwa faida, usipige kwa bei

Jozi moja ya mapazia yaliyokwisha kushonwa naiuza shilingi 45,000. Hadi ifike kwenye rafu imenigharimu 30,000. Nikipunguza 5,000, mteja anaona punguzo dogo, lakini kwangu faida imeshuka kutoka 15,000 hadi 10,000, yaani theluthi nzima imeondoka.

Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, bila ofa yoyote, nauza kama jozi 20. Hizo zinanipa faida ya 300,000. Nikiweka ofa dukani kote lazima niuze jozi 30 ili nirudi palepale. Jozi kumi zaidi, na kelele zaidi, kwa pesa ileile. Mapazia meupe na ya rangi ya maziwa yananunuliwa Desemba hata ukipandisha bei, hivyo kuyawekea ofa ni kumpa punguzo mtu aliyekwisha kutoa pochi.

Nikaenda kwenye rafu ya nyuma. Kulikuwa na jozi 24 za kahawia na kijivu zilizokaa tangu katikati ya mwaka. Hizo ndizo nikazipa ofa: 40,000 badala ya 45,000, kuanzia Jumatano tarehe 17 hadi Jumatatu tarehe 22. Bei ya zamani iwe ile uliyokuwa ukiuzia kweli. Wako wanaoipandisha wiki moja kabla ili waishushe. Wateja wanazo picha za stetasi yako ya mwezi uliopita, na sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja.

Kazi ya kushona haiwekewi ofa katika kipindi hiki, hata ukiombwa na shemeji. Kitambaa kinaweza kuongezwa. Mikono ya mafundi haiongezeki.

Hatua ya 3: Andika saa na siku ambazo hazisomwi kwa namna mbili

Hapa ndipo mstari wangu wa kwanza ulipoharibika. "Tunafunga tarehe 23": kuna aliyeelewa kwamba tarehe 23 tupo hadi jioni, na kuna aliyeelewa kwamba tarehe 23 hatupo kabisa. Wote walisoma Kiswahili sahihi. Siku hizi situmii neno "tunafunga" peke yake. Naandika "siku ya mwisho duka kuwa wazi", halafu "tunafungua tena".

"Hadi" nayo ina ujanja wake. Ofa hadi tarehe 22, je, 22 imo? Ongeza maneno manne, "na tarehe 22 imo", hakuna atakayekucheka.

Kisha usiku. Nilipoandika "usiku wa Jumatatu", mama mmoja wa makamo alinipigia Jumapili usiku akiwa na haraka ya kulipa, kwa kuwa kwake usiku wa Jumatatu ni ule unaotangulia mchana wa Jumatatu, kama walivyohesabu wazee wake tangu zamani. Kijana aliyemfuata alilipa Jumatatu saa 5 usiku akisema bado yumo. Wote wawili nikawapa bei ya ofa, nitafanyaje. Tangu hapo ofa zangu haziishi usiku. Zinaisha saa 11 jioni, wakati duka linafungwa na watu wote wanaona jua.

Kama sikukuu yenyewe ni ya Idd, tarehe ya mwisho usiifunge na mwezi. Andika "Jumatano tarehe fulani ndiyo siku ya mwisho, mwezi uandame usiandame", na uiweke kabla ya siku ya kwanza ambayo Idd inaweza kuangukia. Ya kufungua ndiyo unayoweza kuihesabu kutoka Idd: "tunafungua siku ya nne baada ya Idd Mosi".

Hatua ya 4: Tangazo lenyewe

Hili ndilo nililolibandika mlangoni na kulituma:

TANGAZO LA SIKUKUU
Siku ya mwisho duka kuwa wazi: Jumanne 23 Desemba 2025, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Siku hii ni ya kuchukua oda na kumalizia malipo.
Tunafungua tena: Jumatatu 5 Januari 2026, saa 3 asubuhi.
Oda za kushona: mwisho Jumamosi 13 Desemba, saa 10 jioni, au jozi 18 zikitimia. Oda inahesabika ukilipa nusu.
Mizigo ya mikoani: mwisho kupelekwa stendi ni Jumamosi 20 Desemba. Lipa kabla ya saa 6 mchana.
OFA YA MWISHO: mapazia yaliyokwisha kushonwa, kahawia na kijivu, 40,000 badala ya 45,000 kwa jozi. Jozi 24 tu. Kuanzia Jumatano 17 hadi Jumatatu 22 Desemba, saa 11 jioni, na tarehe 22 imo. Ofa haihusu oda za kushona.
Baada ya tarehe 23 tafadhali usitume pesa. Hatutakuwepo kuthibitisha.

Mstari wa mwisho niliuongeza baada ya kuumia. Namba ya kulipia ipo ukutani na kwenye picha zako zote, na haifungi sikukuu. Mwaka mmoja niko Moshi, meseji ikaingia: mtu ametuma 40,000 tarehe 27 kwa ajili ya pazia la ofa ambalo lilikwisha siku nne zilizopita. Kumrudishia kuna makato, na makato hayo nani abebe?

Utaona saa za kufungua na kufunga ziko juu, ofa iko chini. Watu wengi wanaiweka ofa juu kwa herufi kubwa. Mwenye oda ya kuchukua akiona neno OFA anadhani ni tangazo la biashara, anapita, halafu tarehe 24 yuko mlangoni anagonga.

Hatua ya 5: Kulituma, na kuiachia simu kazi

Wenye oda tayari nawaandikia mmoja mmoja, mstari mmoja: pazia lako litakuwa tayari siku fulani, mwisho wa kulichukua ni tarehe 23 saa 11 jioni. Wa mikoani wanapata tarehe ya stendi tu. Tangazo zima linakwenda kwenye stetasi na kwenye `Broadcast list`, lakini kumbuka orodha hiyo haimfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako kwenye simu yake. Ukiona ujumbe una tiki moja kwa siku mbili, huenda ndiyo sababu, au simu yake imezimwa, mpigie.

Kwenye WhatsApp Business fungua `Away message`, chagua `Custom schedule`, weka mwanzo na mwisho. Simu haijui saa za Kiswahili. Saa 11 jioni ni 17:00, na saa 3 asubuhi ni 09:00. Binti yangu wa dukani aliwahi kuweka 11:00, na kuanzia kabla ya mchana wateja wakawa wanajibiwa "tumefunga" huku amesimama nao kaunta. Ujumbe wenyewe uwe mfupi: tumefunga, tunafungua Jumatatu 5 Januari saa 3 asubuhi, tafadhali usitume pesa. Neno la ofa lisiwemo humo. Na simu iwe na bando, kwani bila intaneti ujumbe huo hauendi.

Jozi ya mwisho ya ofa ikitoka kabla ya tarehe 22, kama ilivyotoka yangu Jumamosi mchana, chukua kalamu nene uandike "ZIMEKWISHA" juu ya mstari wa ofa pale mlangoni, futa stetasi, weka mpya isiyo na ofa. Sehemu ya saa iache ilivyo mpaka asubuhi ya tarehe 5, karatasi itoke ukutani kabla mteja wa kwanza hajaingia.