Mteja kafilisika na mzigo wako bado uko stoo kwake: namna ya kuudai kwa kifungu cha umiliki

Juzi nimemsaidia muuzaji mmoja wa mota za umeme, mteja wake kafilisika na mota kibao zimepangwa stoo hazijalipiwa, basi naziandika hatua zikiwa bado ziko kichwani. Naongelea sheria ya Kiingereza na nchi zilizoifuata njia hiyo. Kuna nchi kama Australia ambako kifungu cha namna hii lazima ukisajili kama dhamana, na kwa mzigo wa kuuza tena usajili uwe umefanyika kabla mnunuzi hajakabidhiwa, la sivyo mfilisi anaweza kukushinda hata kama mkataba wako umeandikwa vizuri. Hilo liulizie kwanza.

Kifungu chenyewe kinasema umiliki wa bidhaa unabaki kwa muuzaji mpaka alipwe. Kilipata umaarufu mwaka 1976 kwenye kesi ya Romalpa, ambapo muuzaji wa Kiholanzi alirudishiwa foili zake za alumini. Bila kifungu hiki wewe ni mdai wa kawaida tu, unapanga foleni nyuma ya benki yenye dhamana.

Hatua ya 1: Hakikisha kifungu kimo kwenye mkataba

Kama kimechapwa nyuma ya invoisi peke yake mara nyingi umechelewa, maana invoisi inafika mkataba ukishafungwa. Tafuta fomu ya akaunti aliyosaini mteja au uthibitisho wa oda uliomtumia kabla ya kupeleka mzigo.

Hatua ya 2: Soma maneno yake

Kuna aina mbili. Moja inasema umiliki unahama mzigo *huu* ukilipiwa, nyingine inasema unahama mteja akimaliza madeni *yote* anayodaiwa na wewe. Mimi nasimama na ya pili bila kusita, na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliikubali kwenye kesi ya Armour iliyotoka Skotilandi, sababu utaiona hatua ya 4. Pia iandikwe kwamba unabakiza umiliki wenyewe. Kwenye kesi ya Bond Worth muuzaji wa nyuzi za mazulia aliandika kwamba anabakiza haki ya kunufaika na mali, mahakama ikasema hiyo ni dhamana iliyotakiwa kusajiliwa, haikusajiliwa, akakosa.

Hatua ya 3: Mwandikie msimamizi wa ufilisi siku hiyohiyo

Ambatanisha kifungu, ushahidi wa hatua ya 1 na invoisi ambazo hazijalipwa, halafu omba vitu viwili: tarehe ya kuja kuhesabu, na ahadi ya maandishi kwamba chochote chako watakachotumia au kuuza kuanzia leo watakulipa kama dai lako likithibitika. Hiyo ahadi ing'ang'anie, maana kampuni ikiwa inaendeshwa na msimamizi mzigo unatembea kila siku na kila unaotoka unakupunguzia.

Hatua ya 4: Kuhesabu stoo

Hapa ndipo madai mengi yanapokufa, na yanakufa hata kama kifungu hakina kasoro. Kazi yako ni kumnyooshea msimamizi kidole, hiki hapa changu, kimetoka invoisi fulani, na haijalipwa. Akikuuliza unajuaje uwe na jibu.

Tuchukue mfano. Umepeleka mota mara tatu, 40 kila mara, invoisi A, B na C. A imelipwa, B na C bado. Unafika stoo unakuta mota 70. Kama delivari noti zako zina namba za siriali unapita moja moja unaoanisha, tuseme unapata 10 za A, 25 za B na 35 za C. Kwa kifungu cha "mzigo huu" zako ni 60, zile 10 za A ni mali ya mteja.

Sasa ondoa siriali kwenye delivari noti. Hesabu inakubeba kidogo, A ilikuwa na mota 40 tu kwa hiyo kati ya 70 angalau 30 hazijalipiwa, lakini ni zipi? Huwezi kuonyesha, na mzigo wa kuthibitisha uko kwako siyo kwa msimamizi. Hapo unaingia kwenye mabishano ya mwezi mzima wakati mota zinaendelea kutoka.

Kwa kifungu cha madeni yote swali linakuwa jepesi zaidi, unachohitaji ni kuonyesha kwamba mota ni zako na siyo za muuzaji mwingine wa modeli ileile, kwa hiyo unaweza kudai zote 70. Ila angalia stetimenti ya akaunti kwa makini, kama A ililipwa yote kabla B haijapelekwa, basi kuna siku deni lilikuwa sifuri, na siku hiyo umiliki wa mota zote za A ulihama, haurudi tena hata mteja akikopa upya kesho yake, kwa hiyo unarudi kwenye 60. Lakini kama B ilishapelekwa wakati A inalipwa, deni halikufika sifuri na zile 10 bado zako. Fanya hesabu hii kabla hujaenda, msimamizi mzuri ataifanya.

Siku yenyewe nenda na mtu anayeijua bidhaa, piga picha kila lebo, andika orodha na mwakilishi wa msimamizi asaini kurasa zote. Asaini idadi tu kama hataki kukubali umiliki, inatosha. Mimi natumia karatasi na kalamu kwa hili, eksel inakuja jioni, kwa sababu orodha yenye saini mbili ya palepale ndiyo haina ubishi.

Hatua ya 5: Ondoa vilivyobadilika au kuuzwa

Kikichanganywa kikawa kitu kingine kimekwenda, kama gundi ya kesi ya Borden iliyoishia ndani ya mbao za chipboard. Kikifungwa tu kwa bolti kinachomoka: kwenye kesi ya Hendy Lennox injini za dizeli zilikuwa zimefungwa kwenye jenereta, zina siriali, zinafunguliwa kwa masaa machache, mahakama ikasema bado zilikuwa za muuzaji mpaka zilipouzwa. Mteja wa mteja aliyenunua kwa nia njema usimfuate, huyo analindwa. Pesa za mauzo hayo usizihesabie sana, muuzaji wa kesi ya Romalpa alizipata lakini wengi waliofuata walikwama.

Hatua ya 6: Kuchukua

Usiende na lori bila ruhusa ya maandishi. Kampuni ikiwa chini ya msimamizi, sheria ya Uingereza inakataza kuchukua mali yenye kifungu hiki bila idhini yake au ya mahakama, umiliki wako upo ila mkono umefungwa kwa muda. Akikataa bila sababu ya maana unaenda mahakamani, ndiyo maana ile orodha yenye saini ina thamani.

Mota zikirudi toa kredit noti kwa hizo. Kwenye mfano wetu ulikuwa unadai bei ya mota 80 za B na C, zimerudi 60, basi kwa 20 zilizobaki unajaza fomu ya madai ya kawaida kwa mfilisi kabla tarehe aliyotangaza haijapita.