Somo: Kupitisha polinomia kwenye nukta nne za kina cha ziwa

Mtumbwi unatoka ufukweni Igombe, Mwanza, kuelekea ziwani, na kina kinapimwa kwa kamba yenye jiwe. Tuite x umbali kwa mamia ya mita na y kina kwa mita. Kwa mfano wetu, nukta ni (0, 1), (1, 2), (2, 4) na (4, 5). Tutatumia njia ya Newton, ambayo huongeza nukta moja moja bila kuvuruga zilizokwisha kupitiwa.

1. Nukta ya kwanza inatosheka na p = 1.

2. Ongeza ax. Penye x = 0 kipande hiki ni sifuri, kwa hiyo nukta ya kwanza haiguswi. Penye x = 1 tunataka 2: 1 + a = 2, basi a = 1.

3. Ongeza bx(x − 1), ambacho ni sifuri kwenye nukta zote mbili za mwanzo. Penye x = 2: 1 + 2 + 2b = 4, basi b = 1/2.

4. Ongeza cx(x − 1)(x − 2). Penye x = 4: 1 + 4 + 6 + 24c = 5, basi c = −1/4.

```
p(x) = 1 + x + (1/2)x(x-1) - (1/4)x(x-1)(x-2)
```

Rudisha x zote nne humo kabla ya kuendelea. Ikigoma nukta ya mwisho tu, kosa liko kwenye c, mara nyingi ni alama ya kutoa iliyosahaulika.

Sasa tazama digrii. Nukta ya kwanza haikuleta x hata moja. Kila iliyofuata ilileta kizidishi kimoja zaidi. Nukta nne, vizidishi vitatu, kwa hiyo digrii haizidi 3.

Swali: Mwalimu, kwa nini "haizidi" na si "ni 3" moja kwa moja?

Jibu: Kwa sababu c inaweza kuwa sifuri. Kama kina cha mwisho kingekuwa mita 11, hatua ya 3 ingekuwa imeshaipitia nukta hiyo, na digrii ingebaki 2.

Swali: Hakuna polinomia nyingine ya digrii 3 inayopita hapo hapo?

Jibu: Hakuna. Zikiwa mbili, toa moja kwenye nyingine: tofauti yao ina digrii isiyozidi 3, lakini ni sifuri penye x nne. Polinomia ya digrii 3 haiwezi kuwa sifuri zaidi ya mara tatu, kwa hiyo tofauti ni sifuri kote. Ukiruhusu digrii 4 zinakuwa nyingi bila kikomo: ongeza kx(x − 1)(x − 2)(x − 4) kwa k yoyote isiyo sifuri.

Swali: Nimeweka x = 6 nikapata −8. Nimekosea wapi?

Jibu: Hesabu yako ni sahihi. Penye x = 3 inatoa 5.5, kadirio linaloweza kuaminika kiasi kwa kuwa liko katikati ya vipimo. Mita 600 ziko nje yake, ambako kipande cha c peke yake ni −30 na kimeyameza mengine yote. Ukihitaji kina cha huko, kapime huko.