Mapitio ya sprinti si retro: mdau aondoke akijua nini

Mwenyekiti wa ushirika mmoja wa wafugaji wa maziwa huku Rungwe aliwahi kutoka kwenye mapitio yetu ya sprinti, yaani kikao cha kuonyesha wadau kilichotengenezwa katika kipindi kifupi cha kazi, akiwa na furaha tele. Jumapili yake akasimama mbele ya wanachama, akatangaza kwamba kuanzia mwezi unaofuata malipo yataingia kwenye simu. Tulichomwonyesha ni ukurasa wa malipo wenye namba za kubuni. Ulikuwa mchoro tu, nyuma yake hapakuwa na kitu. Mzee wa watu alisema alichokiona, na wiki iliyofuata ni sisi tuliotumwa kwa wanachama kueleza.

Tangu hapo timu yetu ndogo ya Mbeya mjini inaendesha kikao hiki kwa utaratibu ufuatao. Sprinti zetu ni za wiki mbili, na mfano ni mfumo uleule tunaoutengenezea ushirika huo wa maziwa.

Hatua ya 1: Tenga vikao viwili, na watu wake

Mapitio yanahusu bidhaa: imefika wapi, na tuelekee wapi sasa. Wadau wanakuwepo. Retro inahusu namna timu inavyofanya kazi, na hapo wanabaki mwenye bidhaa anayepanga kipi kitangulie, skramu masta anayesimamia utaratibu, na watengenezaji peke yao. Mapitio hutangulia, retro hufunga sprinti.

Mwongozo wa 2020 wa Skramu, mfumo wa kazi tunaoufuata, unaweka ukomo wa saa nne kwa mapitio na saa tatu kwa retro kama sprinti ni ya mwezi mzima. Kwa wiki mbili, sisi saa moja na nusu hututosha kwa mapitio. Tunayafanyia kituoni kwenyewe, saa nne asubuhi, maziwa yakishapokelewa na kabla mvua ya Tukuyu haijaanza kupiga bati kiasi cha watu kutosikilizana.

Hatua ya 2: Siku mbili kabla, chuja cha kuonyesha

Kitu ambacho hakijatimiza vigezo vya kukamilika hakionyeshwi, hata kama kinapendeza. Kinarudi kwenye baklogi, yaani orodha ya kazi zinazosubiri, na mdau anaambiwa kwa mdomo kwamba hakijakamilika. Usimwonyeshe "kidogo tu aone mwelekeo". Mtu akishakiona kitufe kwenye skrini, kichwani mwake kitufe hicho kinafanya kazi. Ukitaka maoni juu ya mchoro, mpelekee siku nyingine, tena kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Soma lengo, halafu mkabidhi mtumiaji simu

Lengo la sprinti tunalisoma kwa sentensi moja: mpokeaji wa maziwa aweze kurekodi lita za asubuhi kwa simu, na mfugaji apate meseji. Hatuna slaidi. Baada ya hapo mtengenezaji anaweka mikono mfukoni.

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa sababu mtengenezaji anajua njia isiyo na mashimo na ndiyo anayoionyesha. Sisi simu tulimpa mama anayepokea maziwa. Alikuwa ametoka kusuuza madumu, akafuta vidole kwenye kanga, akaandika namba ya mwanachama, kisha lita: 7,5. Alitumia mkato, kama anavyoandika kwenye daftari lake siku zote. Akabonyeza, na skrini ikaandika lita 75.

"Eeh, huyu ng'ombe wa nani?" akauliza, na kituo kizima kikacheka.

Mhasibu peke yake hakucheka. Tukichukulia bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa lita, mfugaji wa 7,500 angeandikiwa 75,000. Sehemu yetu ya kuingiza namba ilikuwa inauondoa mkato, kwa kudhani unatenganisha maelfu. Ofisini sote tulikuwa tukiandika nukta, kwa hiyo tungeweza kujaribu mwezi mzima bila kuliona kosa hilo.

Hatua ya 4: Panga upya baklogi wakiwa wamekaa

Wengine wakimaliza onyesho hupiga makofi na kuagiza chai. Kikao kinakuwa hakijafanyika. Onyesho ni nusu tu ya mapitio, nusu nyingine ni kuamua.

Mwenye bidhaa alifungua orodha, akaweka kazi mpya juu kabisa: mfumo upokee mkato na nukta, na lita zikizidi kiwango fulani uulize "una uhakika?" Kisha akamgeukia mwenyekiti: "Mzee, hii ikiingia, ripoti ya mwezi haitaingia kwenye sprinti inayofuata. Tuisogeze?" Mwenyekiti aliguna, akamtazama mhasibu, mhasibu akakubali kufunga mwezi kwa daftari mara moja zaidi. Mdau anapaswa kuona kinachoshuka kila kinapopanda kingine, la sivyo atadhani vyote vinakuja.

Na mapitio si kikao cha kupitisha. Kipengele kilichokamilika Jumanne kinaweza kuanza kutumika Jumanne, bila kungoja mwenyekiti aseme ndiyo.

Hatua ya 5: Kabla hawajanyanyuka, wao ndio waseme

Usiulize "mmeelewa?" Jibu lake ni ndiyo siku zote. Mimi humuuliza mwenyekiti: "Mzee, wanachama wakikuuliza Jumapili, utawaambia nini?" Namsikiliza hadi mwisho, nasahihisha papo hapo.

Siku hiyo jibu nililotaka kulisikia lilikuwa hivi. Kurekodi kwa simu kupo na meseji zinaenda, lakini daftari lisiachwe kwanza, kwa sababu ya kosa la mkato na kwa sababu mtandao ukikatika rekodi haihifadhiwi. Malipo kwa simu hayajaanza kutengenezwa. Kinachofuata ni kurekebisha namba, na ripoti ya mwezi imesogezwa mbele. Tarehe ikitajwa iwe makadirio, na aseme ni makadirio.

Mwenyekiti alianza na "mfumo uko tayari". Tukarudia mara mbili.

Hatua ya 6: Yanayohusu timu yabebe hadi retro

Mhasibu aliuliza kwa nini suala la mtandao halikuonekana mapema. Mtengenezaji mmoja akaanza: "Mimi nilisema tangu mwanzo..." na mwenzake akanyoosha kidole. Skramu masta akaikata: "Hilo la mtandao ni kweli, lipo kwenye orodha, namba tatu. Jinsi lilivyotupita tutaliangalia wenyewe leo mchana." Swali la mhasibu limejibiwa upande unaomgusa, na ugomvi haukuendelea mbele ya wageni.

Kosa lile lile basi lina nyumba mbili. Kwenye mapitio ni habari: bila mtandao rekodi inapotea, chukueni tahadhari. Kwenye retro linakuwa swali la kazi: kwa nini tulijaribu kila kitu ofisini, ambako mtandao haukatiki?

Ukiwaalika wadau kwenye retro kwa nia njema ya uwazi, hutapata jibu la swali hilo. Hakuna kijana atakayekiri mbele ya anayemlipa kwamba alibana majaribio kwa sababu muda ulimwishia. Yetu tuliifanya saa nane mchana, tumerudi Mbeya, mlango umefungwa. Yule aliyenyoosha kidole ndiye aliyesema hakuwahi kuzima data hata siku moja.

Tulitoka na badiliko moja tu, kwa sababu matano hayafanyiki. Kwenye vigezo vya kukamilika tuliongeza mstari: kila fomu ijaribiwe simu ikiwa haina mtandao, na ijazwe na mtu ambaye hakuiandika. Katika sprinti iliyofuata aliyeijaza alikuwa dada anayetuuzia chai, na lita aliziandika kwa maneno: saba na nusu.