Soma fomu ya ridhaa kabla ya kuisaini

Ukidai bima, kampuni kwa kawaida hukupa fomu ya ridhaa inayomruhusu daktari kutoa taarifa zako. Angalia kama imeandikwa "kumbukumbu zote za matibabu". Tuseme umevunjika kifundo cha mkono mwezi Machi. Kinachohusika hasa ni ripoti ya daktari, picha za eksirei na maelezo ya matibabu ya jeraha hilo, si faili lako lote tangu utotoni. Omba fomu itaje hospitali, jeraha, na tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Wakikataa, waandike sababu. Wakati mwingine wanayo, kwa mfano wakitaka kujua kama mkono huo uliwahi kuumia kabla bima haijaanza.

Mwajiri, wakala, hata mwenzi wako, akitaka kukuchukulia ripoti aende na barua uliyoisaini. Kukujua tu hakutoshi. Mtoto mdogo kwa kawaida husainiwa na mzazi au mlezi.

Ridhaa unaweza kuiondoa kwa maandishi, ila kilichokwisha kutumwa ndiyo kimeshakwenda, na dai lenyewe huenda likakwama. Baki na nakala ya fomu uliyosaini.