Kugawa gharama ya leseni ya programu hadi mwezi wa mwisho, na mali ambazo hazigawiwi

Mwongozo huu unafuata IAS 38, kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha mali zisizoshikika. Mfano ni mmoja: leseni ya programu ya hesabu ya miaka mitatu, kuanzia 1 Machi 2025 hadi 29 Februari 2028, iliyolipiwa 30,000,000 mara moja. Fundi wa kuisimika alilipwa 3,000,000, na mafunzo ya wafanyakazi yaligharimu 2,400,000. Programu ilikuwa tayari kutumika 1 Juni 2025.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mali

Kama programu inakaa kwenye seva za muuzaji na wewe unaingia kwa mtandao tu, mara nyingi umenunua huduma. Malipo hayo ni gharama ya kipindi husika, na ukilipa mapema ni malipo ya awali. Hapa programu imesimikwa kwenye seva zetu na haki ya kuitumia iko mikononi mwetu, kwa hiyo tunaendelea.

Hatua ya 2: Pata gharama

Leseni pamoja na fundi ni 33,000,000. Mafunzo hayaingii, hata kama yako kwenye ankara ileile. Yapeleke kwenye matumizi ya mwaka. Thamani ya mabaki ni sifuri, isipokuwa kama kuna mtu aliyejifunga kuinunua mwishoni au kuna soko hai la mali hiyo. Kwa leseni, sahau.

Hatua ya 3: Hesabu miezi

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, kwa sababu kuna tarehe mbili za kuanza na watu huchanganya. Mkataba ulianza Machi, lakini mgawanyo huanza siku mali inapokuwa tayari kutumika, yaani Juni. Mwisho nao hausogei: haki inakufa 29 Februari 2028. Kwa hiyo miezi ni 33, si 36.

Anayegawa kwa 36 kuanzia Juni anapata 916,667 kwa mwezi. Februari 2028 ikiisha atakuwa amegawa takribani 30,250,000 tu, na vitabu vyake vitaonyesha mali ya 2,750,000 ambayo haipo tena. Dalili ni rahisi kuiona: leseni imekwisha muda, salio bado lipo.

Natumia jedwali la kawaida badala ya moduli ya mali ya programu ya uhasibu, kwani moduli nyingi hudai asilimia kwa mwaka, na 33 haigawanyiki vizuri kwa 12. Fomula:

```
=DATEDIF(DATE(2025,6,1),DATE(2028,3,1),"m")
```

Tarehe ya pili ni siku inayofuata mwisho wa mkataba. Ukiweka 29 Februari utapata 32, maana fomula huhesabu miezi iliyotimia tu.

Je, kama mkataba unaruhusu kuongeza muda? Muda wa nyongeza huingia kwenye hesabu pale tu ambapo kuna ushahidi kwamba utaongeza, masharti yatatimizwa, na gharama ya kuongeza ni ndogo ukilinganisha na faida utakayopata. Kama utalipa tena 30,000,000, hiyo ni mali mpya. Usiinyooshe ya zamani.

Hatua ya 4: Ingiza

Mgawanyo huu vitabuni huitwa amotaizesheni. Kila mwezi debiti gharama ya amotaizesheni 1,000,000, krediti amotaizesheni limbikizi kiasi hichohicho. Hadi 31 Desemba 2025 ni 7,000,000, na salio la mali ni 26,000,000.

Hatua ya 5: Pitia kila mwisho wa mwaka

Tuseme Desemba hiyo menejimenti inaamua kuhamia programu nyingine mwishoni mwa 2026. Chukua 26,000,000, gawa kwa miezi 12: 2,166,667 kwa mwezi. Miezi iliyopita usiiguse, kwani hili ni badiliko la makadirio na si kosa. Programu ikikaa bila kutumiwa, mgawanyo hausimami kwa sababu hiyo.

Hatua ya 6: Mali zisizo na ukomo unaoonekana

Leseni "ya kudumu" haimo humu. Mkataba hauna mwisho, lakini programu hupitwa na wakati, basi ipe miaka unayotarajia kuitumia kweli. Kutojua miaka mingapi si sababu ya kutogawa, kadiria.

Mfano halali ni alama ya biashara iliyonunuliwa, ambayo usajili wake huhuishwa kila baada ya miaka 10 kwa ada ndogo, bidhaa zake zinauzwa vizuri, na hakuna sheria, ushindani wala mpango wa kampuni unaoonyesha lini itaacha kuleta fedha. Ukichagua miaka 20, namba hiyo umeitoa hewani. Kwa hiyo haigawiwi. Badala yake, kila mwaka linganisha thamani yake vitabuni na kiasi kinachoweza kurejeshwa kwa kuitumia au kuiuza, kile kilicho kikubwa. Ikizidi, tofauti ni hasara. Anayefuata IFRS kwa mashirika madogo na ya kati hana njia hii: huko kila mali isiyoshikika ina ukomo, na usipoweza kuukadiria kwa uhakika haupaswi kuzidi miaka 10.

Kila mwaka uliza pia kama sababu za kutoweka ukomo bado zipo. Kampuni ikiamua kuiondoa alama hiyo sokoni baada ya miaka mitano, fanya kwanza jaribio la upungufu wa thamani, kisha gawa kilichobaki kwa miezi 60.