Msuguano uchore mwisho
Kwa vijana wa fizikia hapa Lindi: chora kila bloku peke yake, mshale wa msuguano uuache mwisho. Tuseme bloku ya kilo 4 iko mezani, uwiano wa msuguano tuli ni 0.5, na ya kilo 1 inaning'inia kwa kamba inayopita juu ya kapi na kufungwa kwenye ya mezani (g = 10). Ya mezani: uzito 40 N chini, meza inasukuma 40 N juu, kamba inavuta kwa nguvu T kuelekea kapi. Inayoning'inia: 10 N chini, T juu. Msuguano unaweza kufika 20 N, ila kamba inavuta 10 N tu, kwa hiyo bloku hazisogei na msuguano ni 10 N. Ukikimbilia kuandika 20, hesabu itairudisha bloku nyuma, na msuguano wa meza hauwezi kuisogeza bloku iliyotulia. Kapi likiwa zito na linaongeza kasi, au ekseli yake ikikwaruza, usitumie T moja pande zote mbili.